Jinsi ya Kuisoma Safari ya Ibn Batuta kama Ushahidi wa Miji, Masoko na Vyuo: Mwongozo Kamili

Ibn Batuta, msafiri wa Maghribi wa karne ya 14, anasema kwamba mji wa Kilwa ulijengwa wote kwa mbao, ilhali magofu ya mawe ya matumbawe yaliyopo Kilwa Kisiwani ni ya karne ileile aliyofika, na mengine ni ya kabla yake. Anasema pia kwamba alikuwa msikitini Dameski siku ambayo mwanachuoni Ibn Taimiya alihutubu, kumbe siku hizo Ibn Taimiya alikuwa gerezani. Hata hivyo mtu huyohuyo ametuachia maelezo ya biashara ya Mogadishu ambayo hayana mfano katika karne ya 14, na kila mwandishi wa historia ya pwani yetu huyarudia. Swali la msomaji, basi, si kama Ibn Batuta ni mkweli au mwongo. Swali ni kila sentensi yake imeingia kitabuni kwa njia gani, na mwongozo huu unaonyesha namna ya kulijibu, kwa kumtumia yeye pamoja na wasafiri watatu waliomtangulia: Al-Makdisi, Ibn Haukal na Ibn Jubair.

Hatua ya kwanza: chagua kipande kifupi na uandike tarehe tatu

Usianze na kitabu kizima. Chukua maelezo ya mji mmoja, kurasa mbili au tatu, uyasome mara ya kwanza bila kalamu. Ukiwa unasoma Kiarabu, toleo la Ibn Batuta lililochapishwa Paris kati ya 1853 na 1858 katika juzuu nne ndilo ambalo watafiti wengi hutaja kurasa zake, na Mogadishu, Mombasa na Kilwa zimo katika juzuu ya pili. Kwa wanajiografia wa karne ya 10, yaani Ibn Haukal na Al-Makdisi, mlango wa kawaida ni mfululizo uliohaririwa na Mholanzi De Goeje kuanzia 1870. Asiyesoma Kiarabu atumie tafsiri mbili za lugha tofauti na kuziweka pamoja, kwa sababu mahali zinapohitilafiana ndipo mara nyingi neno la Kiarabu lina utata, na utata huo ukishafichwa na mfasiri mmoja hutaujua kamwe.

Juu ya karatasi yako andika tarehe tatu: mwaka alioufikia mji, mwaka maelezo yalipoandikwa, na mwaka mwandishi aliyemtangulia alipoueleza mji uleule. Tarehe hizi huwa na uzito kuliko wasomaji wengi wanavyodhani. Ibn Jubair, mzaliwa wa Valensia huko Andalusi, aliondoka Granada mwaka 1183 na kurudi 1185, naye aliandika kwa mtindo wa shajara, mwezi kwa mwezi, akitaja hata siku mwandamo wa mwezi ulipoonekana. Alipofika Dameski mwezi Julai 1184, kalamu ilikuwa karibu na jicho. Ibn Batuta aliondoka Tanja Juni 1325, akafika Kilwa kwa hesabu inayokubaliwa zaidi mwaka 1331, na akamaliza kusimulia safari zake mjini Fez mwezi wa Mfungo Tatu mwaka 756 Hijria, yaani Desemba 1355. Kati ya Kilwa aliyoiona na Kilwa aliyoisimulia kuna miaka 24. Mwenyewe anadokeza, anapozungumzia Bukhara, kwamba alinakili maandishi ya makaburi ya wanazuoni wa huko lakini yakapotea pamoja na mali nyingine alizonyang'anywa na maharamia katika bahari ya Hindi. Tena hakuandika kwa mkono wake. Alisimulia, na aliyepanga maneno ni Ibn Juzai, katibu na mshairi wa Granada, ambaye kazi yake ilikuwa kuipa habari hiyo sura nzuri ya kitabu.

Kwa hiyo karatasi yangu ya Kilwa huanza hivi: kuona 1331, kusimulia 1355, mkono wa katibu.

Hatua ya pili: tia alama ya jicho, sikio au kitabu

Al-Makdisi, aliyezaliwa Baitul Makdis na kukamilisha kitabu chake mnamo 985, aliwaambia wasomaji wake waziwazi kwamba habari zake zina milango mitatu: aliyoyaona mwenyewe, aliyoyasikia kwa watu wa kuaminika, na aliyoyakuta vitabuni. Mgawanyo huo wa mwandishi wa karne ya 10 bado ndio chombo bora nilichonacho. Soma kipande mara ya pili ukiwa na kalamu, na pembeni mwa kila sentensi andika J kwa jicho, S kwa sikio, K kwa kitabu. Pale usipojua, weka alama ya kuuliza na usione haya, maana ukurasa wenye alama nyingi za kuuliza umesomwa vizuri zaidi kuliko ule ulioandikwa J kuanzia juu hadi chini.

Kiarabu husaidia sana hapa, na msomaji wa Kiswahili atayatambua maneno mengi. *Raaitu* ni nimeona na *shahidtu* ni nimeshuhudia. *Dhakara li* ni alinitajia, *ukhbirtu* ni niliambiwa, *yukalu* ni husemwa. Likitokea *zaama*, yaani alidai, mwandishi amekuonya kwamba hataki kubeba dhamana.

Tazama Mogadishu. Ibn Batuta anaeleza kwamba jahazi linapotia nanga, vijana wa mji hulijia kwa mashua ndogo, kila mmoja akiwa amebeba sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana humkabidhi mfanyabiashara mmoja sahani ile na kusema, "Huyu ni mgeni wangu." Mfanyabiashara huyo hashuki ila kwenda nyumbani kwa mwenyeji wake, isipokuwa kama ameshafika mara nyingi na anawajua watu wa mji. Mwenyeji ndiye anayemuuzia bidhaa na kumnunulia, na mtu akinunua kwa mgeni kwa bei ya chini mno, au akimuuzia bila mwenyeji kuwapo, biashara hiyo huhesabiwa batili. Ibn Batuta mwenyewe alipofikiwa na kijana na sahani yake, wenzake wa jahazini wakasema kwamba huyu si mfanyabiashara bali ni fakihi, na kijana akapiga kelele kuwaambia wenzake kuwa huyu ni mgeni wa kadhi. Akapelekwa kwa kadhi, Ibn al-Burhan, mtu wa asili ya Misri, na akalazwa katika nyumba ya wanafunzi wa elimu.

Alama za kipande hiki ni rahisi. Sahani, mashua na maneno ya kijana ni J, kwa sababu yalimpata yeye. Sheria ya biashara batili ni S, kwa kuwa yeye hakuuza kitu. Aliambiwa na watu wa mji au wa jahazini jinsi mambo yanavyokwenda. Hiyo haimaanishi kwamba sheria ile ni ya uongo. Maana yake ni kwamba tunaisikia kama kanuni ilivyoelezwa kwa mgeni na hatujaiona ikivunjwa, ikisamehewa au ikizungukwa. Soko lolote lina kanuni yake ya kumweleza mgeni, na lina yanayofanyika jua likishachwea. Nyumba ya wanafunzi nayo ni J safi, kwa kuwa alilala humo na kulishwa kwa siku kadhaa wali uliopikwa kwa samli, ndizi zilizopikwa kwa maziwa, na achari ya ndimu na embe. Ni ushahidi kwamba mji ulikuwa na mahali maalumu pa kuwaweka watu wa elimu, na kwamba mgeni mwenye elimu na mgeni mwenye bidhaa waliingia mjini kwa njia mbili tofauti.

Sasa linganisha na sentensi moja ya Kilwa. Ibn Batuta anasema mfanyabiashara mmoja alimwambia kwamba Sofala iko mwendo wa nusu mwezi kutoka Kilwa, na kwamba kutoka Sofala hadi Yufi ni mwendo wa mwezi mmoja, na dhahabu huletwa Sofala kutoka Yufi. Alama ni S, imetajwa wazi. Lakini jina Yufi linarudi mwisho wa kitabu, katika safari yake ya Mali ya 1352 na 1353, na huko ni mji mkubwa kwenye mto wa Afrika Magharibi, upande wa pili wa bara. Aliposimulia habari za Sofala alikuwa tayari ameshatoka Mali na masikio yake yalikuwa yamejaa majina ya nchi za dhahabu za huko. Inaonekana habari mbili za dhahabu, moja ya 1331 na moja ya 1352, zilikutana kichwani mwake na kushikana. Tarehe tatu za hatua ya kwanza ndizo zinazotuwezesha kuliona kosa hili. Bila hizo mtu anaweza kuchora ramani ya njia ya dhahabu ambayo haikuwahi kuwapo.

Hatua ya tatu: weka kurasa mbili ubavu kwa ubavu

Alama ya K ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu waandishi hawa hawakuona kunakili kuwa aibu. Ibn Haukal alijenga kitabu chake juu ya kile cha Al-Istakhri, naye Al-Istakhri juu ya Al-Balkhi. Katika sura ya Dameski, Ibn Batuta anamtaja Ibn Jubair kwa jina na kumsifu mwanzoni, kisha sehemu kubwa ya maelezo ya mji na ya Msikiti wa Bani Umaya yanafuata nyayo za Ibn Jubair bila jina lake kutajwa tena. Anayeyasoma hayo kama picha ya Dameski ya 1326 kumbe anaitazama ile ya 1184.

Dawa yake ni ya mikono tu. Gawanya karatasi kwa mstari katikati. Kushoto nakili maelezo ya wa kwanza, kulia ya wa pili, kitu kwa kitu. Yanayofanana, yapigie mstari na uyahesabu kuwa ni ya mwandishi wa kwanza peke yake. Mashahidi wawili wanaosema maneno yaleyale kwa mpangilio uleule ni shahidi mmoja. Yanayotofautiana ndiyo utakayoyafanyia kazi.

Mfano mzuri ni saa ya maji iliyokuwa kwenye mlango wa Jairun, upande wa mashariki wa msikiti. Ibn Jubair anaeleza chumba chenye upinde mkubwa na vimilango kwa hesabu ya saa za mchana. Ndege wawili wa shaba aina ya kozi hudondosha tufe mbili za shaba kutoka midomoni mwao katika vikombe viwili vyenye matundu. Tufe hurudi ndani ya ukuta, sauti husikika, na kimlango cha saa hiyo hujifunga. Usiku taa huzungushwa kwa nguvu ya maji nyuma ya duara za kioo, zikawa nyekundu moja baada ya nyingine. Anaongeza kwamba ndani yuko mtu mwenye ujuzi wa kazi hiyo, ambaye hurudisha tufe na kufungua tena milango.

Upande wa kulia wa karatasi, kwa Ibn Batuta, upinde upo na vimilango vipo, lakini kozi hawapo wala tufe. Anasema vimilango vimepakwa rangi ya kijani kwa ndani na manjano kwa nje, na kila saa ikipita kimoja hugeuzwa, kijani kikaja nje na manjano kikaenda ndani. Kisha anasema: husemwa kwamba ndani kuna mtu anayevigeuza kwa mkono.

Rangi hizo mbili hazipo kwa Ibn Jubair, kwa hiyo hazikunakiliwa kwake. Nimeziwekea J. Neno "husemwa" linaipa habari ya mtu wa ndani alama ya S, nalo linapendeza kwa sababu yake hiyo, maana ni maneno ya mtu aliyesimama nje na kuwauliza waliokuwa karibu. Tukiweka pamoja hayo na ukimya wake kuhusu kozi, inaelekea kwamba kufikia 1326 ile mitambo ya kujiendesha ilikuwa imesimama au imeondolewa, na kilichobaki ni vimilango na mtumishi.

Ukimya, hata hivyo, ni ushahidi mwembamba, na hapa ndipo wengi hukosea. Mwandishi huacha kutaja kitu kwa sababu hakipo, au kwa sababu amechoka, au katibu wake amekikata. Kabla ya kuutegemea ukimya tafuta shahidi wa tatu. Kwa saa hii yupo. Mtengenezaji wake alikuwa Muhammad al-Saati, na mwanawe Ridhwan aliandika mwaka 1203 kitabu kizima juu ya ujenzi wake na namna alivyoitengeneza baada ya kuharibika mikononi mwa waliomfuata baba yake. Yaani karibu miaka 20 tu baada ya Ibn Jubair mashine ile ilikuwa imeshahitaji fundi wa kuiokoa. Sasa ukimya wa Ibn Batuta una kitu cha kuegemea, na naweza kuandika "inaelekea" bila kuona kwamba nimezidisha.

Hatua ya nne: kusanya alichoongeza, hasa kidogo

Ukishaondoa vilivyonakiliwa, kinachobaki kwa Ibn Batuta huko Dameski ni kichache kuliko ulivyotarajia, lakini ni chake. Kimoja nakipenda kuliko maelezo yote ya nguzo na marumaru. Anasema alikuwa akipita katika kichochoro akamwona mtumwa mdogo ambaye sahani ya kauri ya Kichina ilimponyoka ikavunjika. Watu wakamzunguka. Mmoja akamwambia akusanye vipande avipeleke kwa msimamizi wa wakfu wa vyombo. Mtoto akavikusanya, mtu yule akaenda naye, akavionyesha, akapewa fedha za kununua sahani nyingine kama ile. Ibn Batuta anaongeza kwamba bila hivyo bwana wake angempiga au angemkemea.

Soma kipande kama hiki mara mbili, mara moja kwa kile mwandishi anachotaka kukuambia na mara ya pili kwa kile kilichomponyoka. Anachotaka kusema ni wingi wa wakfu wa Dameski. Kilichomponyoka ni kwamba kauri ya Uchina ilikuwa ya kawaida kiasi cha kubebwa na mtoto kichochoroni, kwamba ilikuwa na bei inayojulikana ambayo msimamizi aliweza kuilipa papo hapo, na kwamba mpita njia wa kawaida alijua ofisi ya kwenda. Mambo hayo hakuyakusudia, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kuyatia chumvi.

Kuhusu elimu, alichoongeza ni orodha ya masomo yake. Anasema aliingia Dameski tarehe 9 Ramadhani 726, yaani 9 Agosti 1326, na kuondoka na msafara wa hija Mfungo Mosi ulipoandama. Katika siku hizo alisikiliza Sahihi ya Bukhari yote mbele ya sheikh maarufu wa hadithi, al-Hajjar, kwa vikao 14, kuanzia katikati ya Ramadhani hadi tarehe 28, na akapata ijaza kwa masheikh wengi, wakiwamo wanawake, na miongoni mwao Zainab binti Kamal.

Wapo wanaoicheka orodha hii. Hesabu inasaidia kuipima kabla ya kucheka. Bukhari ina hadithi zaidi ya 7,000 pamoja na zinazojirudia. Kwa vikao 14 ni kama 500 kwa kikao kimoja. Kwa kufundisha na kufafanua haiwezekani. Lakini kitendo chenyewe ni *samaa*, kusikiliza kitabu kikisomwa mfululizo na msomaji mwepesi ili msikilizaji aingie katika silsila ya upokezi, na kwa saa nyingi za mchana wa Ramadhani jambo hilo linawezekana. Ijaza nyingi nazo zilitolewa bila mwanafunzi kusoma kitabu chochote. Kwa hiyo orodha haituambii alichojifunza Ibn Batuta. Inatuambia jinsi Dameski ilivyogawa vyeti vya upokezi kwa wapita njia wa Ramadhani, na kwamba wanawake walikuwa miongoni mwa waliovitoa. Neno "kusoma" katika vitabu hivi lina maana nyingi, na kosa la kuzichanganya limejaza wasifu wa wanazuoni wengi elimu wasiyokuwa nayo.

Hatua ya tano: usiichukue nambari bila kujua ilivyopatikana

Nambari zina namna ya kutembea peke yake. Inatoka kwenye kitabu, inaingia kwenye makala, halafu imekuwa ukweli. Sheria yangu ni kuandika pembeni mwa kila nambari neno moja: imehesabiwa, imekokotolewa, imesomwa daftarini, au imesikiwa.

Iliyohesabiwa: Al-Makdisi anaeleza msikiti wa Fustat, yaani Kairo ya kale, kati ya magharibi na isha. Yeye na wenzake wa Baitul Makdis walikaa kuzungumza, wakasikia wanaitwa kutoka pande zote mbili, "Geuzeni nyuso zenu kwenye kikao!" Wakatazama, kumbe wameketi katikati ya duara mbili za masomo zilizopakana. Anasema alihesabu humo vikao 110. Nambari ya mtu aliyekaa katikati ya kitu chenyewe naiamini, japo ni ya jioni moja.

Iliyokokotolewa: Ibn Haukal alikuwa Palermo, Sisilia, mwaka 973. Ili kuonyesha wingi wa wachinjaji anasema alikadiria msikiti wao unapojaa kuwa na watu 7,000 na zaidi, kwa kuwa safu zake ni 36 na kila safu haizidi watu 200. Zidisha mwenyewe, ni 7,200. Ametuonyesha njia, kwa hiyo twaweza kubishana na 200 yake bila kuitupa hesabu yote. Lakini mtu huyohuyo anasema Palermo ilikuwa na misikiti zaidi ya 300, na hapa tatizo haliko kwenye nambari, liko kwenye kinachohesabiwa. Mwenyewe anaeleza kwa hasira kwamba kila mtu alitaka msikiti wake peke yake kwa majivuno, na kwamba mmoja wao alikuwa na msikiti wake na, hatua kama 20 kutoka hapo, amemjengea mwanawe msikiti mwingine wa kufundishia. Msikiti huo na ule wa safu 36 vyote vinahesabiwa kimoja kimoja. Anayepima elimu ya mji kwa kuhesabu misikiti 300 amehesabu pia sebule za watu.

Iliyosomwa daftarini haipatikani mara nyingi. Kuhusu hospitali mpya ya Dameski, Ibn Jubair anasema matumizi yake ni kama dinari 15 kwa siku, na papo hapo anataja makarani wenye madaftari ya majina ya wagonjwa na gharama za dawa na chakula. Nambari imekuja pamoja na ofisi iliyoitoa.

Iliyosikiwa ni hatari zaidi inapokuwa ukurasa mmoja na iliyo nzuri. Baghdad, mwaka huohuo wa 1184, Ibn Jubair anasema vyuo vya elimu ni kama 30, vyote upande wa mashariki wa mto, na anavieleza kama mtu aliyevipitia. Hapohapo anasema mabafu hayahesabiki, na kwamba sheikh mmoja wa mji alimwambia yanakaribia 2,000. Thelathini ni ya msafiri mwenyewe; elfu mbili ni ya mwenyeji anayeusifu mji wake. Ukiona jedwali la kisasa lililoziweka mbili hizi katika safu moja, mtengenezaji wake hakusoma kitabu.

Hatua ya sita: tafuta shahidi wa nje

Anza na tarehe. Ibn Batuta anasimulia kwamba alihudhuria Ijumaa huko Dameski, Ibn Taimiya akiwa juu ya mimbari, akasema kwamba Mungu hushuka katika mbingu ya dunia kama kushuka kwangu huku, akateremka daraja moja ya mimbari. Fakihi mmoja wa Kimaliki akapinga na fujo ikatokea. Lakini habari za mjini zinaonyesha kwamba Ibn Taimiya alifungwa katika ngome ya Dameski mwezi wa Shaaban 726, majuma kadhaa kabla ya Ibn Batuta kuingia, na hakutoka hadi alipofariki 1328. J aliyojitia mwenyewe haisimami. Nimeibadilisha kuwa S, bila kuitupa: ni kisa kilichokuwa kikizunguka vinywani mwa wapinzani wa Ibn Taimiya, na kama ushahidi wa yaliyosemwa katika duara za mafakihi wa mji mwaka 1326 kina thamani.

Kisha rudi Kilwa na mbao zake. Maneno yenyewe ni kwamba Kilwa ni katika miji mizuri na iliyojengwa kwa ustadi, yote kwa mbao, na paa za nyumba ni za *dis*. Dis ni nyasi za kuezekea za kwao Maghribi. Hazioti Kilwa. Maana yake ni kwamba hapa msimulizi, au katibu wake, ameita makuti yetu kwa jina la kitu wasikilizaji wa Fez walichokijua, na sentensi iliyopikwa upya kwa wasikilizaji mara moja huenda imepikwa mara mbili. Kwa upande wa pili, ardhi ina majibu yake. Msikiti mkuu wa Kilwa ulikuwa wa mawe kabla yake, na jumba la Husuni Kubwa, nje kidogo ya mji, huhesabiwa kuwa kazi ya sultani yuleyule aliyempokea, al-Hasan bin Sulaiman, ambaye jina lake limo katika sarafu za shaba zilizookotwa kisiwani.

Yawezekana aliona nyumba za watu wengi, ambazo kweli zilikuwa za miti na makuti, akazieneza kwa mji wote. Yawezekana miaka 24 ilifuta mawe. Karatasi yangu haichagui. Lakini katika ukurasa huohuo anasema jambo ambalo nimelitia J bila wasiwasi: anamsifu sultani huyo, aliyepewa lakabu ya Abul Mawahib kwa ukarimu wake, na bado anaongeza kwamba zawadi nyingi za huko ni pembe za ndovu na dhahabu hutolewa kwa nadra. Mtu anayetunga sifa za sultani wa bandari ya dhahabu hampunguzii dhahabu. Mstari wa mwisho wa karatasi ya Kilwa, basi, unasomeka hivi: *nyumba: J? dhaifu, mawe yanapinga; njia ya Sofala: S, imechanganyika na Mali; pembe za ndovu kuliko dhahabu: J.*